Swali la taa ya skrini: mpango wetu wa ukaguzi wa kila mwezi katika maabara ya kompyuta

(Hotuba iliyotolewa Nakuru mbele ya walimu wa kompyuta na watunzaji wa maabara za shule za sekondari)

Bwana Mwenyekiti, walimu wakuu mliofika, walimu wa kompyuta, mafundi, na wenzetu mliopanda matatu alfajiri kutoka Kericho na Kisumu, hamjambo. Asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nieleze tunavyokagua vifaa vya maabara yetu kila mwezi. Nitaeleza kwa kupitia mashine moja tu, namba 21, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyotufanya tuache mazoea ya zamani na kuwa na mpango. Ukiielewa namba 21, mambo mengine yote ya vumbi, waya, vipuri na daftari utayaona yanakaa mahali pake.

Maabara yetu ina mashine 24 za mezani, safu nne za mashine sita sita. Safu ya mwisho, kuanzia namba 19 hadi 24, imekaa chini ya madirisha yanayotazama barabara ya murram. Mnaoishi hapa mnajua vumbi letu lilivyo. Udongo wa Bonde la Ufa upande huu una asili ya majivu ya volkano, ni mwembamba kama unga uliochekechwa, na kuanzia Januari mpaka mvua za Machi zianze, upepo hautupi raha. Unapangusa meza asubuhi, na saa nne unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole.

Mwaka mmoja shule ilipofunguliwa Januari, namba 21 ilianza kujizima. Mwanafunzi yuko katikati ya kazi, mara pu, skrini inabaki nyeusi. Wakati huo tulikuwa na daftari la hitilafu, lakini lilikuwa daftari la jina tu. Ndani yake mwalimu wa zamu aliandika: "21, pawa saplai mbovu." Mimi nikasoma, nikaamini, nikamwendea bursa, tukanunua pawa saplai, nikaifunga. Siku ya tatu mashine ikajizima tena. Nikarudi dukani nikidhani nimeuziwa kifaa kibovu, nikapewa kingine. Ikajizima tena. Tulinunua ya tatu kabla sijakubali kwamba kosa halikuwa la muuzaji wala la kifaa. Kosa lilikuwa katika sentensi ile ya daftari. Mwalimu hakuona pawa saplai ikifa. Aliona mashine ikizima, akakisia sababu, akaandika kisio lake kana kwamba ndicho alichokiona. Nami nikatumia pesa za shule kwa kufuata kisio.

Basi tulinunua kauntabuku mpya, ile ya kurasa ngumu, tukaipiga mistari upya. Safu ya kwanza ni tarehe na kipindi. Ya pili ni namba ya mashine. Ya tatu tuliipa jina "Kilichoonekana", na sheria yake ni kwamba haruhusiwi mtu kuandika jina la kifaa kibovu humo. Andika macho yako yalichoona na masikio yako yalichosikia: imejizima, imepiga mlio mara tatu, inaandika herufi a hata sijaigusa. Safu ya nne inajazwa na mimi peke yangu, baada ya kupima, nayo inaitwa "Chanzo kilichothibitishwa". Mara nyingi safu hiyo hukaa wazi wiki nzima, na hakuna ubaya. Ya mwisho ni "Kilichofanywa na kipuri kilichotumika".

Kisha tukaongeza swali moja kwa kila mashine inayojizima, na ndilo swali ambalo ningependa muondoke nalo leo. Mashine ilipozima, je, taa ndogo ya skrini iliendelea kuwaka?

Nieleze kwa nini. Katika maabara nyingi za shule skrini ina waya wake wa stima, na mashine ina wake, na zote mbili zinachomekwa kwenye ekstensheni moja. Mashine ikijizima kwa ugonjwa wake yenyewe, skrini haipotezi stima. Picha inapotea, lakini ile taa ndogo ya kona inabaki, aghalabu inageuka rangi ya chungwa, na skrini inaweza kuandika kwamba haipati mawimbi. Lakini stima ikikatika njiani, kwenye plagi au ekstensheni, taa ya skrini nayo inazimika, na mara nyingi jirani naye anapiga kelele. Mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kuliona hilo bila kufungua chochote. Na jibu lake linakuonyesha uanze kutafuta upande gani: ndani ya sanduku la mashine, au nje kwenye waya.

Tuliandika hivyo kwa wiki tatu, kisha Jumamosi moja nikakaa na lile daftari. Nilichokiona ni kwamba hatukuwa na hitilafu moja kwenye safu ya dirishani. Tulikuwa na mbili, zimechanganyika kama mchele na chuya.

Kundi la kwanza lilikuwa hivi. Namba 21 ilijizima mara nne, 22 mara moja. Mara zote tano taa ya skrini ilibaki. Mara zote ilikuwa vipindi vya baada ya chakula cha mchana, jua likiwa limeshapiga dirishani, na darasa likiwa limefanya kazi zaidi ya nusu saa. Tena mwanafunzi mmoja aliandika kwamba alibonyeza kitufe ikakataa kuwaka, akangoja kama dakika tano ndipo ikakubali. Nilipofungua kurasa za nyuma nikakuta wiki moja kabla ya yote hayo mtu ameandika, "21 nzito sana mchana, asubuhi ilikuwa sawa." Neno hilo "nzito" ndilo lililokuwa dalili ya kwanza, na hakuna aliyelijali. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hupunguza mwendo wake yenyewe ili ipoe. Ikishindwa kupoa hata hivyo, mashine hukata stima kabisa kabla prosesa haijaungua. Kwa hiyo uzito wa mchana ni onyo, na kujizima ndiyo hatua inayofuata.

Kundi la pili lilikuwa jingine kabisa. Namba 19, 20 na 21 zilizima kwa pamoja, mara tatu, taa za skrini zikazimika nazo, kisha zikarudi zenyewe. Mara mbili kati ya hizo ilikuwa asubuhi, kabla ya joto. Namba 21 ilikuwa mgonjwa wa magonjwa mawili kwa wakati mmoja, ndiyo maana kila dawa niliyoipa ilionekana kushindwa.

Nikaanza na joto. Mashine zetu zinatumia Ubuntu, na huko kipimo ni cha amri mbili tu. Ya kwanza unaifanya mara moja, ya pili kila unapotaka kusoma:

```
sudo apt install lm-sensors
sensors
```

Kwenye mashine za Windows, njia isiyohitaji kusakinisha kitu ni kuingia kwenye bayosi wakati mashine inawaka. Nyingi zina ukurasa unaoonyesha joto la prosesa na mzunguko wa feni, ingawa si zote. Ubaya wa njia hiyo ni kwamba unasoma mashine ikiwa haifanyi kazi, kwa hiyo itumie dakika arobaini kwanza, halafu iwashe upya uingie hapo mara moja kabla haijapoa.

Nilisoma namba 21 saa nane mchana. Ilianza kwenye nyuzi 70 bila kazi yoyote, na nilipoifungulia video ikapanda haraka, ikapita 90. Nikasoma namba 5, mashine ya aina ile ile iliyo mbali na dirisha, nikaipa kazi ile ile: ikabaki chini ya 65. Kulinganisha na jirani wa aina moja kunasaidia kuliko kukariri namba, kwa sababu kila prosesa ina kiwango chake. Ila kwa prosesa nyingi za mezani, ukiona inakaribia nyuzi 100 ujue iko ukingoni.

Sasa tufungue sanduku. Hapa nitakwenda polepole, kwa kuwa hapa ndipo watu wazuri wanapoharibu mashine nzuri.

Chomoa waya wa stima kabisa. Kuzima swichi ya ukutani peke yake hakutoshi. Bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili stima iliyobaki ndani iishe. Ibebe mashine nje varandani. Kuipuliza ndani ya maabara ni kuwagawia vumbi majirani zake 23. Kabla hujagusa bodi, shika chuma tupu cha sanduku lenyewe. Januari hewa yetu ni kavu, na mtu aliyevaa sweta akitembea ndani ya chumba hubeba umeme tuli mwilini. Hutausikia, lakini kijiti cha kumbukumbu kitausikia.

Nilipofungua namba 21 mara ya kwanza, nilitazama nikasema si chafu sana. Feni ilikuwa na vumbi kidogo kwenye mapanga yake, nikalipangusa. Ningefunga hapo kazi yote ingekuwa bure. Chini ya feni kuna kipozajoto, kile kipande cha alumini chenye mapezi membamba yaliyosimama kama kurasa za kitabu. Feni husukuma hewa ipite kati ya mapezi hayo. Vumbi linalovutwa na feni hunaswa pale mwanzo wa mapezi, mahali ambapo feni yenyewe inakufunika usione. Nilifungua skrubu nne za feni kwa bisibisi ndogo, nikaiinua. Juu ya mapezi kulikuwa na kipande cha vumbi kilichoshikamana kikawa kitambaa. Kilikuwa cha kijivu, kina unene kama wa blanketi la shule, nikakinyanyua kwa ncha ya brashi kikatoka kizima, kina umbo la mviringo kama la feni iliyokilaza hapo. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zake zote, na hewa haikuwa na mlango wa kupita.

Kifaa cha kazi hii ni brashi ya rangi ya inchi moja, mpya, yenye nywele laini, ambayo haitumiki kwa kazi nyingine. Baada ya brashi, blowa ndogo ya mkono. Ukipuliza, izuie feni kwa kidole isizunguke. Feni ikizungushwa na upepo mkali kupita kasi yake, beringi zake huharibika, utaisikia ikilia wiki ijayo. Nimeona shule zikimpelekea mashine fundi wa panchari awapulizie kwa kompresa. Naomba muache. Kompresa hiyo hubeba maji na mafuta ndani ya tangi lake, na huyarusha kwenye bodi, tena kwa nguvu inayoweza kuvunja mapanga ya feni. Mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani nayo isiingizwe ndani ya sanduku, kwa sababu bomba lake la plastiki huzalisha umeme tuli. Wala usipulize kwa mdomo, kwani unapuliza mate.

Pawa saplai hatuifungui. Ndani yake kuna kapasita zinazoshikilia umeme hata baada ya kuchomolewa, umeme wa kumuua mtu. Tunapiga brashi matundu yake kwa nje na kupuliza, basi. Kipozajoto nacho hatukibandui kutoka kwenye prosesa isipokuwa tuna pesti mpya ya joto mkononi, kwa maana ukikibandua, ile ya zamani haifai tena. Kwa namba 21 sikukibandua. Niliifunga, nikairudisha mahali pake, na mchana wa Jumatatu, kwa kazi ile ile, ilisoma nyuzi 62. Kwenye safu ya nne ya daftari nikaandika: vumbi kwenye mapezi, limethibitishwa kwa kipimo kabla na baada.

Kabla sijaacha vumbi, kuna mambo mawili ya chumba chenyewe. Tuliacha kufagia maabara kwa ufagio mkavu. Ufagio huliinua vumbi kutoka sakafuni, ambako halina madhara, na kulipeleka hewani, ambako feni 24 zinalisubiri. Tunapiga deki kwa kitambaa chenye unyevu, jioni, mashine zikiwa zimezimwa. Na vile vitambaa vya kufunikia mashine, ambavyo akina mama wa kamati ya wazazi walitushonea vizuri, tunavitandika wikendi au likizo ikianza, baada ya mashine kupoa. Nimewahi kukuta mashine inawaka huku imefunikwa kama mgonjwa wa malaria.

Tuje kwenye hitilafu ya pili, ile ya mashine tatu kuzima pamoja. Daftari lilikuwa limeshanionyesha pa kwenda. Namba 19, 20 na 21 zilikuwa kwenye ekstensheni moja. 22, 23 na 24 kwenye nyingine. Wengi wetu tungesema ekstensheni imelemewa. Tupige hesabu. Plagi yetu ya pini tatu huhimili ampea 13, na stima yetu ni volti 240, kwa hiyo inaweza kubeba takriban wati 3,100. Mashine moja ya mezani pamoja na skrini yake bapa, ikifanya kazi za kawaida za darasa, haizidi sana wati 100. Mashine tatu ni kama wati 300, ambazo ni ampea moja na robo hivi. Hiyo haijafika hata sehemu ya kumi ya uwezo wa plagi. Kwa hiyo uzito haukuwa sababu, na kama ungekuwa uzito, fyuzi ingekatika na stima isingerudi yenyewe.

Kitu kinachokatika na kurudi chenyewe ni muunganisho uliolegea. Njia ya kuutafuta ni mgongo wa mkono. Darasa likiwa limefanya kazi dakika arobaini, pita ukigusa kila plagi kwenye sehemu yake ya plastiki kwa mgongo wa vidole. Plagi yenye mzigo mdogo kama huu inapaswa kuwa baridi. Ukikuta yenye joto, umepata. Ya safu ile ilikuwa na joto la kikombe cha chai, na ilikuwa na harufu. Plastiki ya plagi au soketi inayoungua polepole mara nyingi hunuka kama samaki aliyeanza kuoza, na wenzetu wa Kisumu wasije wakadhani ni upepo wa ziwani. Ukiinusa harufu hiyo ndani ya maabara, zima swichi kuu, uliza baadaye.

Tulizima, tukachomoa, nikaifungua plagi. Skrubu ya waya wa moto ilikuwa imelegea, nusu ya nyuzi za shaba zimekatika, na plastiki kando yake imegeuka rangi ya kahawia. Kilichofanya hivyo ni miguu ya wanafunzi. Waya ulipita sakafuni chini ya meza, kila aliyenyoosha mguu aliuvuta kidogo, na kila mvuto ulilegeza skrubu. Nilikata waya nyuma mpaka shaba safi, nikafunga plagi mpya, na kibanio cha waya kilicho ndani ya plagi nikakibana juu ya ganda la nje la waya, maana hicho ndicho kinachopokea mvuto badala ya skrubu. Kisha tukainua waya wote wa safu ile na kuufunga chini ya ubao wa meza. Soketi ya ukutani sikuigusa. Hiyo tulimwita fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, na ninyi fanyeni vivyo hivyo, hata kama mwalimu wa fizikia anajua sana.

Kutokana na mashine hiyo moja tukapanga mwezi wetu.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, mimi na wanafunzi wanne wa klabu ya kompyuta, kazi huanza na daftari. Tunakaa na kulisoma kabla ya kushika bisibisi. Tunahesabu: ni mashine gani imetajwa zaidi ya mara moja, ni safu gani, ni kipindi gani. Hapo ndipo tunaamua zipi zitafunguliwa. Hatufungui zote 24 kila mwezi. Kuchomoa na kuchomeka bila sababu nako hulegeza vitu, na ukikimbiza mashine 24 kwa asubuhi moja hutainua feni hata moja. Tunafungua nane kwa mwezi, ili muhula wa miezi mitatu ukiisha kila mashine iwe imefunguliwa mara moja. Ila safu ya dirishani, Januari, Februari na Machi, tunaifungua kila mwezi, ikiingia ndani ya zile nane. Muhula huo zamu za ndani zinangoja. Daftari limeonyesha zinaweza kungoja.

Mashine 16 zinazobaki tunazikagua kwa nje tu: waya zote zimekaa sawa, skrubu za kebo ya skrini zimekazwa kwa mkono, feni inasikika ikizunguka bila kukwaruza, plagi baridi. Kebo za mtandao nazitazama kwenye ulimi ule mdogo wa plastiki. Ukivunjika, kebo hutoka kidogo kidogo yenyewe, na hitilafu itaandikwa "mtandao unakuja na kuondoka" mpaka mtu aubadilishe ule mdomo.

Kuhusu vipuri, nilidhani zamani kwamba stoo nzuri ni ile iliyojaa. Daftari lilinionyesha vingine. Katika mwaka wa kwanza wa kauntabuku, zaidi ya nusu ya mistari ilihusu vipanya, kibodi na waya zilizolegea, vitu ambavyo stoo yetu haikuwa navyo, huku pawa saplai zangu mbili zilizozidi zikikaa kabatini. Sasa kwa mashine 24 tunaweka vipanya vinne, kibodi mbili, waya za stima tatu, kebo za skrini mbili, kebo ya diski moja, pawa saplai moja, kijiti kimoja cha kumbukumbu na betri sita za CR2032. Kipuri hakitoki kabatini bila namba ya mstari wa daftari, na kibovu kilichotolewa kinafungwa karatasi yenye namba hiyo hiyo. Pawa saplai ile moja kazi yake kubwa ni kupimia. Unaifunga kwenye mashine yenye shaka, siku mbili, na kama ugonjwa umebaki unajua si hapo, unairudisha kabatini. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha viwili mashine ikapona, hujajua ni kipi kilichoiponya.

Betri sita zinawashangaza watu, kwa hiyo niseme. Betri hiyo bapa ya volti 3 iliyo kwenye bodi hutunza saa ya mashine wakati hakuna stima. Mashine iliyozimwa lakini ikabaki imechomekwa huitumia kidogo sana. Lakini sisi kila jioni tunazima ukutani, na ni sawa kufanya hivyo, hasa wenzetu wa Kericho na upande wa Kakamega ambako radi hupiga karibu kila alasiri ya mvua. Matokeo yake ni kwamba betri inafanya kazi usiku wote, wikendi zote na likizo ya Desemba yote. Ikichoka, mashine inaamka ikiamini ni mwaka wa zamani. Kwenye daftari hamtaona neno saa wala betri. Mtaona "tovuti zote zinakataa kufunguka, zinasema si salama", kwa sababu kivinjari kinalinganisha cheti cha tovuti na tarehe ya mashine na kuona havipatani. Nimeshuhudia mwalimu akipiga simu kwa kampuni ya mtandao siku mbili kwa ajili ya betri. Tazama tarehe kwanza. Siku mashine imefunguliwa, pima betri kwa mita: mpya husoma 3 au zaidi kidogo, na ikishuka chini ya 2.7 mimi huibadilisha bila kungoja. Januari baada ya likizo ndefu ndipo zinapokufa kwa wingi, na Oktoba wanafunzi wa kidato cha nne wanapokaribia karatasi ya vitendo ya KCSE nazipima zote 24.

Kuna hitilafu ambazo mpango huu hauziwezi. Ukiona kapasita za bodi zimevimba kichwa kama maandazi, brashi haitasaidia, bodi hiyo inaelekea mwisho, hamisha kazi za wanafunzi mapema. Diski inayogonga ndani hupewa nafasi moja tu, nayo ni kunakili mafaili siku hiyo hiyo. Na kwa wenzetu wa Kisumu, ambako hewa ina unyevu na sami, wale wadudu wadogo wa ziwani, huingia madirishani jioni taa zikiwaka, mtakuta ndani ya mapezi wadudu wakavu na kutu kwenye skrubu zaidi ya vumbi jembamba kama letu. Daftari lenu litawapa miezi yenu, msichukue yetu ya Januari hadi Machi.

Nimeleta kauntabuku lenyewe, liko pale mezani karibu na mlango, ukurasa wa namba 21 nimeuwekea uzi mwekundu. Sasa naomba tutoke varandani. Kuna mashine tatu za shule hii ambazo hazijafunguliwa tangu zinunuliwe, na brashi ziko sita. Simameni upande upepo unakotoka, na yeyote mwenye sweta aguse kwanza chuma cha sanduku kabla ya kuweka mkono ndani.